Picha ya chati niliyoikata mno

Juni 2024 niliuliza kwenye kundi letu la Wasapu la watu wanaonunua na kuuza mtandaoni kwa kufuata chati za bei: "Jamani, hapa imevunja, niuze?" Nikaambatisha picha ya chati. Nilikuwa nimeikata kwa mikono yangu, nikaondoa maandishi ya juu na namba za kulia ili ionekane safi, kisha nikachora mstari mwekundu pale nilipoona bei imevunja kwenda chini. Mmoja akasema uza, mwingine akasema nunua. Kaka mmoja mzoefu akauliza tu: "Dogo, hii ni chati ya nini, na mshumaa mmoja ni wa muda gani?"

Niliona ananichelewesha. Nikapiga picha upya bila kukata kitu. Juu kushoto ikasomeka XAUUSD, M15, yaani dhahabu kwa dola, kila mshumaa, yaani kila kijiti cha bei kwenye chati, dakika 15. Kulia kukawa na bei, na hizo ndizo zilizoniaibisha. Lile poromoko langu lilianzia 2,331 likaishia 2,324. Dola saba tu!

Kumbe programu hujipimia yenyewe. Huchukua bei ya juu kabisa na ya chini kabisa zinazoonekana, ikazitandaza mpaka zijaze skrini. Dola saba na dola sabini huweza kuchorwa kwa urefu uleule, na asiyeona namba hana namna ya kuzitofautisha.

Kaka akaniomba na ya H4, ambayo kila mshumaa ni wa muda wa saa nne. Huko mstari wangu ulikuwa katikati ya uwanja ambao bei ilikuwa ikirandaranda kwa siku kadhaa, takriban kati ya 2,295 na 2,365. Hakuna kilichovunjwa. Waliosema nunua na waliosema uza, nadhani kila mmoja alikuwa ameijazia picha yangu muda aliouzoea yeye.

Jina la XAUUSD nalo lilikuwa na kazi yake. Kwa broka wangu, loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja, kwa hiyo bei ikisogea dola saba, nami napata au napoteza dola saba. Nilitaka kuingia na 0.10, maana yake dola 70, na akaunti ilikuwa na 200. Bila kujua ni dhahabu, nani angenionya?

Kuna jambo jingine ambalo hata picha ya pili haikulisema: mshumaa wa mwisho ulikuwa haujafunga. Nilipopiga ile ya kwanza ulikuwa umebakiza dakika tisa, umekaa chini ya mstari. Tulipokuwa bado tunabishana, ukafunga juu yake. Siku hizi chini ya picha naandika saa niliyoipiga na kama mshumaa umefunga, kwa kuwa saa ya seva ya broka si lazima iwe saa yetu ya ukutani.

Kaka akajibu: "Sasa naona. Hapo katikati mimi siingii." Sikuingia.