Nilivyowaonyesha vijana mtego wa "ongeza muda"

Kikundi cha vijana cha kuweka na kukopa kiliniomba niongee nao kidogo kuhusu mikopo inayonasa watu. Mitego ni mingi, lakini niliamua kushika mmoja tu, kuongeza muda, kwa sababu mtu anaweza kukaa ndani yake mwaka mzima huku akijiona mlipaji mzuri.

Nilikwenda na vifuniko vya soda. Binti mmoja akawa mkopeshaji, kijana mmoja mkopaji. Mkopo ni vifuniko 20 vya mwezi mmoja, ada 3, inayokatwa mapema. Kwa hiyo kijana alikabidhiwa 17, lakini daftarini anadaiwa 20. Mkopeshaji huiita asilimia 15. Ukihesabu kwa kile kilichoingia mkononi, inakaribia 18, tena kwa mwezi mmoja.

Mwezi ukaisha, 20 hazipo. Binti akatabasamu: "Usijali kaka, nipe 3 tu nikuongezee mwezi." Kijana akatoa. Tukarudia mwezi wa pili na wa tatu. Hapo nikamuuliza, "Umeshatoa 9. Deni limebaki ngapi?" Akajibu 15. Wengine wakasema 11. Binti akafungua daftari: 20, kama siku ya kwanza. Zile 9 zilinunua muda tu. Hata akilipa zote siku hiyo, atakuwa amerudisha 29 kwa mkopo uliompa 17.

Nikawaambia swali la kumuuliza mkopeshaji yeyote kabla ya kutoa pesa: "Nikilipa hiki leo, deni la msingi linapungua kwa kiasi gani?" Jibu likiwa halipungui, hiyo ni ada ya kusubiri.

Mmoja akanipinga, na alikuwa na hoja: mtu huongeza muda kwa sababu 3 anazo na 20 hana. Ni kweli. Basi tukahesabu upya kwa mkopo wa kikundi wa kulipia deni lile la zamani: vifuniko 20, riba asilimia 5 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio, miezi 10. Mwezi wa kwanza analipa 2 za msingi na 1 ya riba. Jumla 3, zile zile! Mwezi unaofuata riba inashuka kwa sababu deni limeshuka, na mwisho atakuwa amelipa 25 na nusu, deni limekwisha.

Mweka hazina alitaka kuanza kutoa mikopo ya namna hiyo mara moja. Nilimpa tahadhari moja. Akimkabidhi mkopaji pesa mkononi, zinaweza kuishia kwingine na madeni yakawa mawili. Kikundi kimlipe mkopeshaji wa zamani chenyewe, kisha kidai uthibitisho wa maandishi kwamba deni limefungwa.