Maji kudorora nyumba nzima

Jamani, maji yalidorora bomba zote, jikoni hadi bafuni. Jirani naye angelalamika, ningeishia hapo: shida ya mtandao wa maji. Ila kwake yalikuwa yanaruka!

Dalili nyingine: nikifungua bomba, maji yalitoka kwa nguvu kidogo tu, kisha yakanywea. Presha ipo, njia ndiyo imebanwa. Presha ya mtandao ikiwa ndogo, hunyong'onyea tangu mwanzo.

Nikaangalia koki baada ya mita. Mkono wake ulilala sambamba na bomba, yaani koki imefunguliwa kabisa. Ukikaa mshazari, imefungwa nusu. Likabaki chujio. Nikafunga koki, nikalifungua: wavu umejaa mchanga na vipande vya kutu, bila shaka tangu walipochimba barabarani. Chujio la ndani ya mita sikuligusa, lina lakiri.