Karatasi ya maneno 12 ilipochanika kona

Shemeji yangu wa Tanga huchora nembo kwa wateja wa nje, na mmoja wao humlipa kwa bitkoini. Alizitunza mwenyewe kwenye pochi ya simu, programu iliyompa maneno 12 ya kuandika kando ili aweze kuirudisha pochi simu ikiharibika. Bodi ya simu ikaungua, fundi akashindwa kuifufua, ndipo akanipigia: "Shem, namba ya siri ninayo. Karatasi ya maneno 12 ninayo pia, ila imechanika kona. Ndiyo zimekwenda?"

Namba ya siri tuliiweka kando mara moja. Ile hufungua programu ndani ya simu ileile tu, na waliotengeneza programu hawana nakala ya ufunguo, kwa hiyo hakuna wa kumpigia. Sarafu zenyewe hazikuwa ndani ya simu. Zimeandikwa kwenye leja ya mtandao wa bitkoini ambayo yeyote anaweza kuisoma, na wa kuzihamisha ni mwenye ufunguo unaozalishwa na yale maneno. Nikamwomba atafute anwani yoyote aliyowahi kumpa mteja. Aliipata kwenye ujumbe wa zamani, inaanzia na bc1q. Tulipoitazama kwenye leja, salio lilikuwepo. Anwani hiyo ilikuwa na thamani kubwa kwangu, maana bila cha kulinganishia nisingejua jibu lipi ndilo lake.

Kwenye karatasi, maneno tisa ya kwanza yalisomeka vizuri. La kumi lilibaki "sur" tu. La 11 na la 12 yalikwenda na kona.

Maneno haya hayatungwi na mtu. Hutoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua neno lolote ndani yake. Sisi tulikuwa na tatu, na yanayoanza na "sur" ni sita: sure, surface, surge, surprise, surround, survey. La 11 lingeweza kuwa lolote kati ya 2,048. La 12 ndilo lililotusaidia, kwa kuwa ndani yake mna hakikisho linalokokotolewa kutokana na maneno yaliyotangulia. Ukishajua 11 ya mwanzo, ni maneno 128 tu yanayokubalika mwishoni. Sita mara 2,048 mara 128 ni 1,572,864. Kwa mtu mwenye kalamu huo ni umri mzima. Kompyuta yangu ya mkononi hujaribu kama 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo ni kazi isiyofika nusu saa.

Nilitumia btcrecover, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi. Niliipakua, nikazima intaneti, ndipo nikaingiza maneno. Hapa sikubaliani kabisa na wanaobandika maneno yao kwenye tovuti "ya kukagua": hata yakiwa tisa, umekwisha kumpa mgeni sehemu kubwa ya ufunguo. Nikaieleza programu nafasi za maneno yaliyokosekana, nikaipa anwani ya shemeji, na nikaitaka ikague anwani kumi za kwanza za kila jaribio, kwa sababu pochi hutoa anwani mpya kila mara na ile ya mteja huenda haikuwa ya kwanza. Hilo liliongeza muda kidogo. Anwani ikalingana, sentensi nzima ikatokea. Hatukuendelea kuitumia: tulifungua pochi mpya kwenye simu nyingine, akaandika maneno mapya kwenye karatasi mbili za kuweka nyumba mbili, kisha tukahamisha kila kitu.

Kama yangekosekana maneno matatu mazima, kwa kasi ileile ningehitaji siku kama sita. Manne, miaka kama 35. Na kama maneno yote yapo ila mpangilio umevurugika, bado ni mamia ya mamilioni ya mipangilio, lakini hakikisho lilelile hutupa nje sehemu kubwa, hivyo inawezekana.

Habari zikamfikia jirani yake. Huyu hakuwahi kuandika neno hata moja, na simu yake aliifuta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nilimuuliza kama kuna simu nyingine aliyowahi kufungulia pochi ileile, kwa kuwa programu ikiwa hai mahali popote, unahamisha sarafu kutoka hapo hapo au unayasoma maneno kwenye mipangilio. Hakuna. Ana anwani na anaona salio lake, basi. Nikamwambia ukweli: hizo hazirudi. Alikuwa ameshaahidiwa na mtu wa mtandaoni kwamba atazirudisha akilipwa kwanza "kodi ya kufungulia". Tulisoma ujumbe ule pamoja. Mtu yule hakuwa ameuliza neno lolote analolikumbuka, wala simu ya zamani, yaani hakuwa na chochote cha kuanzia. Jirani akamzuia namba.