Utando wa kizazi ulivyonenepa, na kitanzi kilivyoutuliza

Nikiwa na miaka 46 hedhi ilianza kupotea miezi miwili, mitatu, halafu inarudi kwa fujo: mabonge ya damu, pedi inalowa ndani ya saa moja, nikisimama naona kizunguzungu. Kila niliyemwambia alisema ni umri, nakaribia kukoma hedhi. Umri ulihusika kweli, ila tatizo halikuishia hapo.

Dokta alinieleza hivi. Estrojeni ndiyo inayokuza utando wa ndani wa kizazi. Yai likishatoka, ovari hutoa projesteroni, ambayo husimamisha ukuaji huo. Projesteroni ikishuka, utando hubanduka na hedhi huja. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni haipatikani, na estrojeni inaendelea kukuza tu. Utando unanenepa mpaka unaanza kubomoka vipande vipande bila mpangilio, na hiyo ndiyo damu niliyokuwa nikiiona. Uzito wangu nao ulichangia, maana mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni.

Ultrasaundi ilionyesha utando wa milimita 18. "Mama, kwa mtu ambaye bado anapata hedhi, unene peke yake haunipi jibu," akasema. "Nahitaji kinyama." Alipitisha mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi akavuta kipande kidogo. Tumbo lilinibana kama hedhi kali, likaachia baada ya muda mfupi. Nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu kabla, na ilinisaidia.

Kwenye majibu nilitafuta jambo moja: je, seli zimebadilika umbo? Zangu hazikuwa zimebadilika. Katika hali hiyo, wanaopata saratani ndani ya miaka 20 ni chini ya 5 kwa kila 100. Zingekuwa zimebadilika, saratani ingeweza kuwa tayari imejificha humo, na ushauri wa kawaida kwa asiyehitaji mtoto tena ni kutoa kizazi.

Niliwekewa kitanzi chenye homoni, kinachotoa levonojestreli, jamaa ya projesteroni, palepale kwenye utando. Kile cha shaba hakina homoni, hakitibu hili. Vidonge vipo pia, lakini ni vya kumeza kila siku na mimi husahau. Miezi ya mwanzo nilitokwa na matone ya damu karibu kila siku, ikanichosha, kisha ikakata.

Damu kukata haikutosha. Baada ya miezi 6 kinyama kilichukuliwa tena, na miezi 6 mingine baadaye. Vyote vilikuwa safi. Kitanzi bado ninacho, na kwa kuwa uzito haujashuka, dokta anataka kinyama kila mwaka.

Mwaka huu dada yangu aliandikiwa estrojeni peke yake kwa ajili ya joto la kukoma hedhi. Kizazi bado anacho. Nilimrudisha kwa dokta siku ileile, akaongezewa projesteroni.