Kwa nini jedwali langu la bajeti lilionyesha akiba isiyokuwepo

Mshahara wangu mkononi ni 620,000. Mwisho wa mwezi jedwali lilisema nimebakiza 245,000, lakini benki kulikuwa na 160,000 tu. Nilihangaika siku mbili nikitafuta hizo 85,000, nikidhani kuna matumizi nimesahau kuandika.

Nimepanga hivi: safu ya B ina kundi (kodi, chakula, nauli, bando, nyumbani kwa wazazi), safu ya C kiasi. Akiba hujihesabu yenyewe, mapato yakiwa F1:

```
=F1-SUM(C2:C40)
```

Matumizi yote yalikuwa yameandikwa. Kilichonishtua ni kwamba viasi vya gesi na unga, 60,000/= na 25,000/=, vilikuwa vimeegemea kushoto mwa kisanduku, wakati namba huegemea kulia. Niliviandika na alama ya /= kama kwenye risiti, kwa hiyo programu ikavichukua kama maandishi, na SUM huyaruka maandishi bila kutoa onyo lolote. Fomula hii huhesabu visanduku vya namna hiyo. Kwangu ilitoa 2:

```
=COUNTA(C2:C40)-COUNT(C2:C40)
```

Nilifuta alama hizo, akiba ikashuka papo hapo hadi 160,000. Kwa kuwa napenda kuiona /=, nimeiweka kwenye muundo wa namba wa safu nzima, ambako haigusi hesabu:

```
#,##0"/="
```

Ile fomula ya kuhesabu nimeiacha juu ya ukurasa. Isiposoma 0, siiamini akiba.