Miamala iliyopotea kimyakimya: nilivyohama lahajedwali na kwenda InfluxDB na Grafana

Nilifuatilia bei za sarafu za kidijitali na mwenendo wa mkakati wangu wa kuzinunua na kuziuza kwa lahajedwali kwa karibu mwaka mzima. Karatasi moja ya Excel hubeba safu mlalo 1,048,576 tu, lakini faili langu lilianza kulemaa muda mrefu kabla ya kufika huko, kwa sababu kila bei mpya ilipoingia, fomula zote zilijikokotoa upya. Nilikodi seva ndogo kwa gharama isiyoumiza, nikaweka InfluxDB ya kutunza data na Grafana ya kuichora, na jioni hiyohiyo nikaona bei zikitembea kwenye paneli.

Grafu zilipendeza, ila zilikuwa na kasoro. Nilipojumlisha kiasi kilichouzwa ndani ya saa moja na kukilinganisha na kile ambacho soko lenyewe hutangaza kwa saa hiyo, changu kilikuwa pungufu. Nilidhani muunganisho unakatika, nikatumia jioni mbili kuandika upya sehemu ya kuunganisha, na upungufu ukabaki palepale. Hatimaye niliamuru programu yangu inayopokea miamala kutoka sokoni iandike kila muamala kwenye faili la maandishi pia. Kwa saa moja faili lilikuwa na miamala 41,306, ilhali hifadhidata ilikuwa na 36,120. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika dakika zile bei ilipopanda au kushuka kwa kasi, na hapo ndipo nilipopata fununu ya chanzo.

InfluxDB huita kila rekodi nukta, na huitambua kwa vitu vitatu: jina la kipimo, tagi zake, yaani lebo kama soko=BTCUSDT, na wakati wake. Nukta mbili zikilingana kwa vyote vitatu, ya pili huifuta ya kwanza bila kutoa kosa lolote. Sasa oda moja kubwa inapoingia sokoni, humeza oda ndogo nyingi kwa mkupuo, na miamala yote inayozaliwa hapo hupewa milisekunde ileile:

```
miamala,soko=BTCUSDT bei=64210.5,kiasi=0.4 1718000000123
miamala,soko=BTCUSDT bei=64210.0,kiasi=1.1 1718000000123
```

Baada ya mistari hii miwili kuandikwa, ile 0.4 haipo tena.

Nilishauriwa niifanye namba ya muamala kuwa tagi. Ushauri huo ulinigharimu, na nauandika hapa ili mwingine asiufuate. Kila thamani mpya ya tagi huzaa mfululizo mpya ambao hifadhidata hulazimika kuuorodhesha, kwa hiyo kila muamala ukawa mfululizo wake wenyewe. Kumbukumbu ya seva ikapanda saa baada ya saa, paneli zikawa nzito, na mwishowe InfluxDB ikazimika. Tagi zinafaa kwa vitu vichache vinavyojirudia, kama jina la soko au la mkakati.

Suluhisho nililipata kwenye wakati wenyewe, na ninajivunia nililolipata. InfluxDB hutunza wakati hadi nanosekunde, kwa hiyo kila milisekunde ina nafasi milioni moja zisizotumika. Nilichukua tarakimu sita za mwisho za namba ya muamala nikazijaza humo:

```
wakati_ns = wakati_ms * 1_000_000 + namba % 1_000_000
```

Muamala namba 3648217905 wa milisekunde ile sasa unaandikwa 1718000000123217905, na unaofuata unaishia na 906. Kwa kuwa soko hilo hutoa namba kwa mfuatano, hazigongani. Uzuri mwingine ni kwamba muunganisho ukikatika na soko likatuma tena miamala ileile, kila mmoja huangukia nafasi yake ya zamani, na ile tabia ya kufuta iliyokuwa ikiniumiza sasa huondoa marudio. Usisahau tu kubadilisha kipimo cha wakati kuwa `ns` unapoandika.

Kwenye vipimo vya mkakati, jihadhari na wastani. Mtaji wangu ulikaa kwenye kilele cha 10,400 kwa saa kadhaa, kisha ukashuka hadi 9,568 kwa dakika chache, yaani anguko la asilimia 8. Nilipofungua siku 30, Grafana ilipanua vipande vya muda, wastani wa kipande kile ukawa 9,880, na paneli ikanionyesha asilimia 5. Sasa programu hukokotoa anguko kila mtaji unapobadilika na kuliandika kama thamani yake yenyewe, na paneli huchukua kubwa zaidi:

```
|> aggregateWindow(every: v.windowPeriod, fn: max)
```

Tangu hapo, nikitazama siku moja au siku 30, asilimia 8 ile inaonekana palepale.