Nilivyoandika barua ya kuomba sampuli za choo shuleni

Utafiti wetu ulihusu kichocho cha tumbo na minyoo kwa wanafunzi wa shule ya msingi moja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Kibali cha kamati ya maadili na barua ya mkurugenzi wa halmashauri nilikuwa navyo, nikaviambatisha. Lakini mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa na wazazi choo cha watoto wao kinapelekwa wapi, na barua ilipaswa kumpa la kujibu.

Kichwa nilikiandika waziwazi: "YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUKUSANYA SAMPULI ZA CHOO KIKUBWA KWA WANAFUNZI WA DARASA LA III HADI LA V." Baada ya kujitambulisha, aya ndefu kuliko zote ilifuata:

"Mwanafunzi atapewa kikopo chenye mfuniko na kijiti jioni, na kukileta asubuhi kikiwa na choo cha kiasi cha ncha ya kidole gumba. Kikopo kitaandikwa namba, si jina. Sampuli itapimwa shuleni siku hiyohiyo, na mabaki yatateketezwa. Atakayekutwa na maambukizi atapewa dawa bure na mganga wa zahanati, baada ya kula."

Niliomba pia chumba chenye meza, nikaeleza sababu. Kwa kipimo cha Kato-Katz, mayai ya safura hufifia yasionekane slaidi ikikaa zaidi ya saa moja hivi, kwa hiyo hadubini lazima iwe karibu.

Mwalimu mkuu alisoma, akasema, "Mimi ndiye mlezi wao hapa. Nikisaini si inatosha?"

"Shikamoo yangu iko palepale, Mwalimu," nikamjibu, "ila kibali chako kinaturuhusu kuingia shuleni. Ridhaa ya mtoto ni ya mzazi wake."

Fomu ya wazazi ilikuwa ukurasa mmoja, ikisema kwamba kukataa au kujitoa hakumnyimi mtoto masomo wala matibabu. Asiyejua kusoma alisomewa, akaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yetu. Fomu isiyorudi tuliihesabu kuwa hapana.

Zilizorudi nilizipanga mezani kabla ya kugawa vikopo. Kadhaa zilikuwa na mwandiko mmoja na kalamu ileile: watoto walisainiana njiani. Tukaziweka kando, mwalimu mkuu akaita kikao cha wazazi. Baba mmoja akauliza kama choo hakitaishia kwa waganga wa kienyeji. Swali hilo lilistahili jibu zito, basi tukakubaliana wazazi wawili washuhudie mabaki yakichomwa kila siku. Fomu zilizowekwa kando zikasainiwa upya palepale, na wazazi wenyewe.

Binti mmoja, mama yake alisaini, yeye akakataa kupokea kikopo. Tukaifuta namba yake. Siku ya kingatiba ya shule nzima alimeza dawa pamoja na wenzake, maana huko watoto wa shule hupewa bila kupimwa kwanza.